Niliuza kwa sababu RSI ilipita 70. Ilikosea indiketa au nilikosea mimi?

MishumaaMitatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalitoa. Mkicheka, chekeni kidogo tu.

Machi 2022, chati ya siku ya USD/JPY. Bei ilikuwa imetoka maeneo ya 115 mwanzoni mwa mwezi ikawa inapanda bila kupumzika. RSI(14) ikapita 70, Stochastic ikawa juu ya 80, bei ikagusa ukanda wa juu wa Bollinger. Indiketa tatu zinasema kitu kimoja, nikajua hapa hakuna cha kufikiria. Nikauza loti 0.10 kwenye 118.50. Ilipofika 120.20 nikaongeza 0.10 nyingine, maana kama ilikuwa ghali kwenye 118 basi kwenye 120 ni ghali zaidi. Kwenye 122.00 nikaongeza tena. SL sikuweka. Nikanyoosha mikono kwenye 124.60, na tarehe 28 bei ikapita 125.

Hesabu yenyewe: pipsi 610, 440 na 260, jumla 1,310. Kwa loti 0.10 kila pipsi ni yeni 100, kwa hiyo yeni 131,000, yaani kama dola 1,050. Akaunti ilikuwa na dola 2,400.

Aprili nikaapa kwamba sasa mimi ni mtu wa trendi. Nikafuta kila kitu nikabaki na MA mbili na RSI. Nikanunua 122.60. RSI ilipofika 70 nikaogopa yale ya Machi, nikafunga kwenye 123.50. Pipsi 90. Wote mnajua ilikoenda baada ya hapo: iliendelea kufunga juu hadi zikatimia siku 13 mfululizo tangu mwanzo wa Aprili, ikafika 129.

Kwa hiyo nilipigwa nikienda kinyume na trendi, na nilipoifuata nikapata makombo. Swali langu: indiketa ipi ni ya kusubiri bei irudi kwenye wastani, na ipi ni ya kufuata trendi? Nataka nichague upande mmoja nitulie.

KitiChaMbele

Nimeshajaza chai. Wajuvi shusheni nondo.

ChatiSafi

Mkuu pole, ila hili ni dogo kuliko unavyolifanya. Weka ADX(14). Ikiwa chini ya 20 soko limelala, tumia RSI, Stochastic, Bollinger, uza juu nunua chini. Ikiwa juu ya 25 soko lina trendi, tumia MA, MACD, Donchian. Katikati ya 20 na 25 kaa pembeni. Mimi natumia hivyo mwaka wa pili huu na sijaunguza akaunti.

PipsiKumi

Kwani RSI uliweka ngapi? 14 ni ya zamani, weka 21 au uhamishe mstari kutoka 70 uwe 80. Ungekuwa na 80 usingeingia mapema.

DadaWaTakwimu

PipsiKumi, angeingia 120 badala ya 118.50, na bado angefika 124.60. Kuhamisha mstari kunabadilisha tarehe ya maumivu, basi.

MishumaaMitatu, nitaanza na kitu ambacho ChatiSafi amekiruka. Umeuliza indiketa ipi ni ya upande upi. Chukua RSI na ADX: zote mbili alizitoa Welles Wilder mwaka 1978. Mtu mmoja, mwaka mmoja, moja inatumiwa kusema "imezidi" na nyingine kusema "ina nguvu". Indiketa ni hesabu tu juu ya bei zilizopita. Falsafa unaileta wewe, na inaonekana mahali pamoja: bei inapoenda kinyume na wewe, unasema nini?

Anayesubiri wastani anasema: "Nafasi imekuwa nzuri zaidi." Kama 118.50 ilikuwa mbali na wastani, 120.20 iko mbali zaidi. Uliongeza loti kwa mantiki hiyo hiyo, na ndani ya falsafa yenyewe hukukosea. Anayefuata trendi anasema: "Nimekosea, natoka." Kwake bei ndiyo hoja, na bei ikimkana hana hoja nyingine ya kumshika mkono.

Aprili uliingia kwa hoja ya pili ukatoka kwa hoja ya kwanza. Aliyenunua kwa sababu bei ina nguvu, RSI ikifika 70 ni habari njema kwake. Wewe ukaichukua kama hatari.

MishumaaMitatu

Dada, hapo umenipiga palepale. Lakini bado Machi sielewi. Kama mantiki ya kuongeza ilikuwa sahihi kwa falsafa yake, mbona bei haikurudi?

DadaWaTakwimu

Ilirudi kiasi. Shida ni kwamba wastani nao ulikuwa unatembea. Ngoja nikuonyeshe kwa namba rahisi kwanza, halafu yeni.

Tuseme wastani wa siku 20 uko 100 na ukanda wa juu wa Bollinger uko 102. Bei inafika 102, unauza. Lengo lako ni 100, faida ya pointi 2. Sasa bei isirudi, ipande pole pole hadi 107 katika wiki tatu zinazofuata, ikae huko kwa muda. Kila siku bei mpya ya juu inaingia kwenye hesabu na ya zamani ya chini inatoka, kwa hiyo wastani unapanda: 101, 103, 105. Siku moja bei inashuka kidogo hadi 105 na kugusa wastani. Mfumo wako unasema lengo limefikiwa, funga. Umefunga kwenye lengo ukiwa na hasara ya pointi 3. Bei haikwenda kwa wastani, wastani ndio ulioifuata bei.

Ndiyo Machi yako. Kutoka 125 bei ilishuka hadi maeneo ya 121 ilipofika tarehe 31. RSI ikapoa. Ukiangalia dirisha la RSI peke yake unaona mchoro mzuri: ilipanda, ikashuka, nadharia imetimia. Ukiangalia bei, aliyeuza 118.50 bado alikuwa ndani ya hasara ya zaidi ya pipsi 250. RSI inaweza kupoa bila bei kurudi ulikoanzia. Inatosha bei isimame au ishuke kiasi. Wengi wanaitazama kama kamba iliyofungwa kwenye bei, kumbe inapima mwendo, haipimi mahali.

Kwa nini wastani ulitembea? Kwa sababu kulikuwa na mtu anayeusukuma. Machi 16 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, robo asilimia. Benki Kuu ya Japani ikawa inafanya kinyume: Machi 28 ilijitolea kununua dhamana za serikali bila kikomo ili riba ya miaka 10 isipite asilimia 0.25. Tofauti ya riba inapanuka na kila mtu anajua itaendelea kupanuka. Sasa ni nguvu gani ingeirudisha bei 115? Kabla ya kuuza "kilichozidi" lazima uweze kutaja anayekirudisha. RSI haimtaji.

Faranga2015

Nami nina kisa, na changu kinaenda upande wa pili kabisa, maana mimi aliyerudisha nilimtaja kwa jina.

EUR/CHF. Septemba 6, 2011 benki kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu yuro ishuke chini ya faranga 1.20. Kwa miaka mitatu ikasimamia. Hebu fikirieni: mtu mwenye mashine ya kuchapa faranga anakwambia mimi ndiye ukuta. Kila bei ikikaribia 1.20 nanunua, ikipanda pipsi 20 au 30 nauza. Nilikuwa nashinda karibu kila muamala. RSI chini ya 30, nunua, lala. Na mimi si mjinga kama mwanzisha uzi (samahani mkuu), niliweka SL kwenye 1.1990.

Januari 15, 2015 asubuhi wakatangaza kwamba ukuta hakuna tena. Bei ilishuka chini ya 1.00 ndani ya dakika chache. SL yangu ya 1.1990 broka aliijaza kwenye 1.03 na kitu. Pipsi 20 nilizokubali kupoteza zikawa zaidi ya 1,600. Akaunti ikawa chini ya sifuri, nikaandikiwa barua kwamba nadaiwa. Tulivutana miezi.

ChatiSafi, unajua ADX ilikuwaje wiki ile? Soko lilikuwa limelala fofofo juu ya 1.20. Kwa kanuni yako, hiyo ndiyo siku ya kununua.

ChatiSafi

Mzee hiyo ni ajali ya mara moja kwa miaka kumi. Huwezi kuhukumu indiketa kwa siku moja kama ile.

DadaWaTakwimu

Faranga2015 pole sana. Lakini ChatiSafi, siku hiyo moja ndiyo bei ya falsafa yenyewe. Anayesubiri wastani anashinda mara nyingi kidogo kidogo, anapoteza mara chache kwa kishindo. Mfuata trendi ni kinyume. Kwa hiyo asilimia ya ushindi haikwambii lolote. Chukua mtu anayeshinda mara 75 kwa 100, kila ushindi dola 20, kila hasara dola 50. Ushindi 1,500, hasara 1,250, anabaki na 250. Sasa mwongezee siku moja tu ya Faranga yenye hasara ya dola 800. Miamala mia moja imefutika na deni juu.

Na kuhusu ADX uko sahihi nusu. Inatenganisha soko lenye mwendo na lisilo na mwendo, hilo ni kweli. Shida zake ni mbili. Kwanza imelainishwa mara mbili, inalainisha mistari ya mwelekeo, halafu inalainisha matokeo tena, ndiyo maana inachelewa. Inapovuka 25 sehemu ya mwendo imeshaliwa, na renji inapoanza yenyewe bado iko juu. Pili, chini ya 20 inakwambia soko lilikuwa kimya. Kimya ni hali ya jana. Watu wa kuvunja renji wanapenda kimya hicho hicho unachokipenda wewe, kwa sababu mwendo mkubwa mara nyingi hutokea hapo.

Mimi ADX natumia kwa kazi moja: kunizuia. Nikiwa na mfumo wa kusubiri wastani na ADX inapanda, siingii. Ila ikiwa chini sijapewa ruhusa, nimenyimwa tu sababu ya kukataa.

ChatiSafi

Hapo kwenye kuchelewa nakubali. Kwenye mengine bado naona faida yake, akaunti yangu ndiyo shahidi.

KitiChaMbele

Sasa dada, hizo tatu za jamaa: RSI, Stochastic na Bollinger. Zilikubaliana zote. Hilo halina uzito?

DadaWaTakwimu

Ni mashahidi watatu waliolala nyumba moja. RSI inalinganisha siku za kupanda na za kushuka. Stochastic inauliza bei imefunga wapi kati ya juu na chini ya siku 14. Bollinger inauliza bei iko mbali kiasi gani na wastani wa siku 20. Bei ikipanda wiki mbili bila kupumzika, zote tatu lazima ziseme "juu", hazina jinsi. Ni swali moja umeuliza mara tatu. Kama unataka shahidi wa pili, achukue habari kutoka mahali pengine: ukubwa wa mwendo wa siku, tofauti ya riba, tarehe ya tangazo, hata siku ya juma.

PipsiKumi

Basi Bollinger ni ya kusubiri wastani. Hilo angalau tumekubaliana?

DadaWaTakwimu

Hata hilo hapana. John Bollinger mwenyewe husema wazi kwamba bei kugusa ukanda, kwa hilo peke yake, si ishara. Kuna mfumo unaouza ikigusa ukanda wa juu, na kuna mfumo unaonunua ikifunga nje ya ukanda wa juu. Mstari ule ule, amri mbili zinazopingana, na zote zinaweza kuwa na mahali pake. Tazama namna kanda zinavyofanya. Bei ikigusa ukanda wa juu huku kanda zote mbili zimelala sambamba, una renji. Ikigusa huku wa juu unapinda juu na wa chini unapinda chini, mdomo unafunguka, hapo mwendo unazaliwa. Kwenye chati ya yeni ya Machi mdomo ulikuwa wazi kama wa kiboko.

Kuonyesha kwamba RSI nayo inatumika vizuri kwa kazi yake, huu ni mfumo maarufu wa Larry Connors, uliotengenezwa kwa hisa na fahirisi za hisa za Marekani. Uko wazi kwa mtu yeyote kuujaribu:

```
NUNUA: Close > MA(200) na RSI(2) < 10
TOKA:  Close > MA(5)
```

Angalieni viungo vyake. RSI ni ya siku 2, si 14, kwa sababu anawinda mtikisiko wa siku chache. MA 200 imewekwa kama mlinzi wa mlango: ananunua mshuko ndani ya soko linalopanda tu, hauzi kilele cha soko linalopanda. Na kutoka ni kwa MA 5, yaani bei ikirudi hata kidogo anaondoka, hasubiri utajiri. Kila kiungo kinajua kazi yake. Nisingeupeleka kwenye sarafu hata hivyo. Hisa nyingi zikishushwa na hofu huwa kuna wanunuzi wa bei nafuu. Sarafu haina tabia hiyo kwa kiwango hicho.

MishumaaMitatu

Na wa trendi mwenye viungo vinavyokubaliana unakuwaje? Maana wangu wa Aprili ulikuwa ugali kwa keki.

MzeeDonchian

Hili niachieni mimi, nimekaa kimya vya kutosha.

Watu wa Richard Dennis, wale aliowafundisha kuanzia mwisho wa 1983 wakaitwa Kasa, walikuwa na mfumo usio na RSI hata moja. Bei ikipita kilele cha siku 20, nunua. Ikishuka chini ya bonde la siku 10, toka. SL iko umbali wa N mbili, na N ni ATR ya siku 20. Ukubwa wa loti nao unatokana na N, ili mwendo wa kawaida wa siku moja uwe sawa na asilimia 1 ya akaunti. TP hakuna, ndugu zangu. Hakuna kabisa.

Chukua akaunti yako ya dola 2,400. Tuseme ATR ya yeni ni pipsi 80. Asilimia 1 ni dola 24. Loti 0.10 kwenye bei ya 120 ni kama senti 83 kwa pipsi, pipsi 80 ni dola 66. Kwa hiyo ungetakiwa kushika loti 0.03, ambayo ni dola 20. Wewe Machi ulifika 0.30. Mara kumi, mwanangu! Kabla hatujaongea falsafa, tuongee uzito.

Na kwa nini hakuna TP: anayefuata trendi anashinda labda mara 35 kwa 100. Akipoteza anapoteza 1, akishinda wastani 3. Hesabu ni 105 kutoa 65, anabaki na 40. Sasa mkate faida yake kwenye 1 kila RSI ikifika 70 kama ulivyofanya Aprili: 35 kutoa 65. Umemuua. Faida yote ya mwaka hutoka kwenye miamala miwili mitatu mirefu, na hakuna ajuaye itakuwa ipi.

Ila sitakudanganya kwamba ni raha. Kwa ushindi wa 35 kwa 100, kupoteza mara kumi mfululizo ukiwa umefanya miamala mia mbili si ajabu hata kidogo. Mara ya saba mtu anaanza kuongeza RSI "ya kuchuja". Hapo ndipo mfumo unapogeuka ugali kwa keki.

PipsiKumi

Mzee, kwa hiyo chati ya dakika 15 naweka siku 20 au mishumaa 20?

MzeeDonchian

Mishumaa 20 ya dakika 15 ni saa tano. Utavunjiwa na kurudishwa mara nne kwa siku na komisheni itakumaliza. Mimi sijawahi kuuona ukifanya kazi huko, na sijajaribu sana pia.

DadaWaTakwimu

PipsiKumi ameuliza vibaya lakini amegusa jambo. Kwenye hisa, tafiti zimekuta vitu viwili vinaishi pamoja. De Bondt na Thaler mwaka 1985 walionyesha kwamba hisa zilizofanya vibaya miaka mitatu hadi mitano huelekea kuzishinda zilizofanya vizuri. Jegadeesh na Titman mwaka 1993 wakaonyesha kwamba zilizoshinda miezi mitatu hadi kumi na miwili huendelea kushinda miezi inayofuata. Hisa zile zile, muda tofauti, tabia kinyume. Na ndani ya siku chache tena zinaelekea kurudi, ambako ndiko RSI(2) inalisha. Kwa hiyo "soko hili lina trendi" ni sentensi isiyokamilika mpaka useme kwa muda gani. Urefu wa indiketa unatokana na hapo.

Faranga2015

Dada bado hujanijibu langu. Mfumo wa kusubiri wastani SL inawekwa wapi? Hiyo RSI(2) hapo juu haina SL.

DadaWaTakwimu

Haina, na hapo tunabishana hata wenyewe kwa wenyewe. Falsafa inasema bei ikienda mbali nafasi ni bora, SL inasema bei ikienda mbali toka. Zinapingana. Wengi wanaojaribu kwenye data za nyuma wanakuta SL ya karibu inaharibu mfumo, kwa sababu inakutoa palepale kabla ya kurudi. Mimi natumia muda: kama haijarudi ndani ya siku 7, natoka kwa bei yoyote, kwa kuwa kitu kinachorudi kingekuwa kimesharudi. Na nashika loti ndogo kiasi kwamba siku mbaya kabisa isinizike. Loti ndiyo SL yangu.

MzeeDonchian

Na mimi nasema mtu asiye na SL hana mfumo, ana maombi.

Faranga2015

Mimi nilikuwa nayo, mzee. 1.1990. Barua ya deni ninayo bado.

MzeeDonchian

...Hapo sina jibu. Loti ndogo, basi.

MishumaaMitatu

Wakuu nimekaa na daftari tangu asubuhi. Nimeandika hivi, mnirekebishe. Nachagua trendi, chati ya siku. Kuingia: kilele cha siku 20. Kutoka: bonde la siku 10. ATR ya siku 20 kwa SL na loti. RSI, Stochastic na Bollinger nimezifuta kwenye chati zote. Nimerudi nyuma kwa mkono kwenye USD/JPY 2022: ingenipeleka kununua Machi na ingenitoa mara ya kwanza Mei. Miezi ile ile iliyoniumiza.

DadaWaTakwimu

Usijaribu kwenye mwaka ambao tayari unajua trendi ilikuwepo. Chukua EUR/USD ya 2019, ilizunguka ndani ya kama senti saba mwaka mzima. Hesabu ngapi ungepoteza mfululizo, halafu urudi utwambie kama bado umechagua upande.

MishumaaMitatu

Nimefika Juni. Sita mfululizo. Tayari mkono unaniwasha kurudisha RSI.